Matabishi ya Auberge Tulia

Nyumba ya wageni ya Mama Angélique inaitwa Auberge Tulia, na Bunia nzima hakuna mtu asiyetulia kama mwenye nyumba hiyo. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, mkono unatafuta kitu cha kuhamisha. Kabati uliloliacha asubuhi kando ya mlango, jioni utalikuta kando ya dirisha. Mgeni mmoja alikwenda Nizi kutazama mambo yake ya dhahabu, aliporudi akakuta kitanda kimegeuzwa, kichwa kimekwenda miguuni, akaomba radhi na kutoka nje akidhani ameingia chumba cha mwenzake. Muzee Zacharie, bwana wa Angélique, alikwisha zoea. Kabla ya kuketi hupapasa kwanza nyuma yake, kuhakikisha kwamba kiti bado kipo.

Lakini majira yale Angélique alikuwa na sababu ya kutotulia. Tangu familia ihame kutoka Beni na kukodi nyumba ile, vyumba vilikuwa vinajaa nusu, na nusu hiyo yenyewe hailipi vizuri. Mwenye nyumba, yule wanayemlipa kodi, alikwisha anza kupita mara kwa mara, anasalimia sana, anatazama kuta kama mtu anayechagua rangi. Ndipo shirika moja la mafunzo likaanza kutafuta mahali pa kulaza walimu wake, vyumba vyote kwa msimu mzima, chakula ndani. Anayepanga mambo hayo, Madame Madeleine, alipiga simu mwenyewe.

"Mama, munitumie site yenu. Bakubwa bangu biko Kinshasa, habawezi kuja kupapasa godoro. Banaangaliaka kwa mashine."

"Site iko, madame!" akajibu Angélique.

Site haikuwapo. Tovuti, kama wanavyosema wa redio, Auberge Tulia haikuwahi kuwa nayo. Kilichokuwapo ni kibao cha mbao langoni, ambacho juu yake fundi wa rangi alichora kitanda kikatoka kama mtumbwi. Basi kabla simu haijapoa mkononi, Angélique alikuwa juu ya moto, pikipiki ya abiria, akielekea buleva, barabara kuu ya mji, kwa Falone mtengeneza site.

Falone alikuwa na chumba chake nyuma ya duka la fotokopi, betri chini ya meza, panneau ya umeme wa jua juu ya bati. Mwanamke wa maneno machache na miwani mikubwa. Alimsikiliza Angélique mpaka mwisho, jambo ambalo si wengi wanaliweza, kisha akampa devis, karatasi ile ya kusema kazi na bei kabla kazi haijaanza.

"Dola mia ine?" Angélique alishika kifua. "Kwa kitu yenye haishikike?"

"Mia ine, mama. Page tano: ya kwanza, ya vyumba, ya chakula, ya bei, na ya kutuita. Picha kumi na mbili. Jina ya site na mahali yake kwa mwaka moja iko ndani. Nusu leo, nusu mbele ya kufungua."

"Shusha."

"Bei haishuke. Kama iko mingi, tushushe kazi. Toa page moja, na bei itaenda na page yake."

"Weye unauza site ao unauza nyama?"

"Ni vile vile. Kilo iko kilo."

Angélique alisimama, akaenda mlangoni, akarudi. Huo ndio mwendo wake wa kununua. Sokoni hata wauza kitunguu wanaujua. Falone hakumwita. Akarudi mwenyewe akaketi, mguu ukaanza.

"Haya, soma yote."

Falone akasoma. Angélique ataona kazi kwanza, kisha atakuwa na tour mbili za kusahihisha. "Tour moja ni liste moja, mama. Unaangalia site yote, unaandika yote yenye hupendi, hata vitu makumi mbili, unanitumia mara moja. Ukisema 'ni yote', nafunga tour. Tour mbili zikiisha, kila badiliko ni dola kumi na tano. Badiliko ni kitu kimoja kwa page moja. Unalipa kwanza, inatoka kisha siku mbili za kazi, sababu niko na batu bengine kwa mulongo, banangojea. Kosa yangu mimi, natengeneza bure. Na mutu moja tu njo anakomanda: ule atatia sinyatire."

"Na matabishi?"

Falone aliinua miwani. "Matabishi gani, mama?"

"Mwanamuke mwenye kuuza maharagi pale soko ananijazia kopo. Halafu anatupa mukono moja juu. Ule mukono njo unanirudishaka kwake. Weye unataka nilipe mia ine, nitoke hapa na kopo yenye imekatwa sawa na kisu?"

Kwa mara ya kwanza Falone alicheka. Alifikiri kidogo, akachukua kalamu, akaandika chini ya karatasi: *Matabishi: badiliko moja, bure.*

"Inatoka lini?"

"Siku mbili, kama zingine."

"Hapana!" Angélique alipiga meza, kalamu ikaruka. "Matabishi haitolewe rendez-vous! Inatolewa hapo hapo, beseni ingali chini. Andika: *hapo hapo*."

Falone akaandika *hapo hapo*. Angélique akatia sinyatire yake, ile yenye mkia mrefu, akatoka akitembea kama mtu aliyemnyang'anya simba mfupa. Kabla ya jioni majirani wote walijua kwamba kwenye devis ya Mama Angélique kuna matabishi.

Falone alifanya kazi yake. Siku alipotuma kazi ya kutazama, Angélique alikuwa jikoni akimsimamia mpishi, simu kwenye mkono mmoja, mwiko kwenye mkono wa pili. Akafungua. Page ya kwanza: chumba cha mbele, kitanda kimetandikwa, dirisha, pazia jeupe, jua limeingia kwa adabu. Pembeni rangi ya kijani. Angélique hakufika page ya pili. Akabonyeza akatuma sauti.

"Falone! Hii kijani ni ya duka ya dawa! Batu batakuja kuuliza quinine. Tia bleu!"

Falone akajibu kwa maandishi: *Nimesikia. Ni yote?*

"Ni yote, ni yote, fanya mbio!"

Bleu ikaingia, na tour ya kwanza ikafungwa. Alipokuja kuona kwamba kwenye page ya chakula mahali pa samaki pameandikwa kuku, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyeandika hivyo, akapanda moto kwenda kubishana. Falone hakubishana. Alimwekea simu mbele ili asikie sauti yake mwenyewe: ni yote, ni yote, fanya mbio. Nyuma ya sauti mwiko unasikika ukigonga sufuria.

"Uko na tour moja, mama," akasema Falone. "Kaa nayo. Iangalie na batu yako. Hata siku tatu, sitakukimbiza."

Siku tatu! Kumwambia Angélique akae na kitu siku tatu ni kumpa kaa la moto alipe jina. Lakini Muzee Zacharie alimshika mkono, akamwambia safari hii wataketi wote, siku ya Mungu baada ya ibada, wasome polepole, aandike mmoja.

Wakaketi. Na Didier akaja.

Didier ni mdogo wake Zacharie. Anapanda na kushuka kati ya Nizi na mjini na pickup nyekundu, miwani nyeusi hata mawingu yakitanda. Groupe, jenereta ile inayonguruma nyuma ya Auberge Tulia kila umeme unapokatika ni yake. Aliileta akasema, "Nabaazima, siyo kwa kulipa," na tangu hapo hajawahi kupita bila kuipigapiga mgongo mbele ya watu kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. Akachukua simu, akatazama page ya kwanza, akasonya.

"Shemeji, hii ni kitanda."

"Ni auberge, Didier."

"Kitanda kila mutu iko nayo. Batu banapenda kuona mutu ya nguvu nyuma ya nyumba. Mutie photo yangu."

Photo alikuwa nayo tayari, huenda amezaliwa nayo. Ameketi juu ya boneti ya pickup, mikono ameikunja, miwani inang'aa. Angélique alimtazama Zacharie. Zacharie alitazama dari. Nje groupe ilikuwa inanguruma, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na kila alipotaka kusema hapana alikuwa anaisikia ikisema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Wakaandika. Samaki arudi mahali pake. Iandikwe kwamba pombe hakuna, hilo la Zacharie. Bei ya chumba cha pembe irekebishwe. Picha ya chumba itoke mbele, aingie Didier. Liste ikatumwa yote pamoja, kwa heshima zote.

Falone akaandika: *Mama, ile photo ya mbele, kweli? Mugeni anaangaliaka page ya kwanza, kisha anaamua kama ataingia ao ataenda.*

Angélique alisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa ameketi. Didier alikuwa anasoma juu ya bega lake.

*Kweli,* akaandika. *Ni yote.*

Nusu ya pili ikalipwa, tovuti ikafunguliwa, na link ikaenda kwa Madame Madeleine. Didier akaita watu wa mtaa waje kumtazama. Alipotosheka na kutazamwa, akaona kasoro.

"Namba yangu ya telefone haiko chini ya photo."

"Tour zimeisha, shemeji," akasema Angélique, akishukuru moyoni kwa mara ya kwanza kwamba zimeisha.

"Na ile matabishi?"

Majirani waligeuka wote. Huo ndio ubaya wa kutangaza matabishi yako mtaani. Angélique alifungua mdomo kusema jambo la busara, lakini mdomo wake haujawahi kuingoja busara.

"Matabishi ni yako, Didier. Nani mwengine!"

Usiku alilala kama mtu aliyelala juu ya vijiko.

Asubuhi ya pili alikuwa anahamisha meza ya mapokezi peke yake, simu ikalia. Madame Madeleine.

"Mama, bonjour. Mi niko naangalia site yenu. Hii ni yenu kweli?"

"Ni yetu, madame. Kwa nini?"

"Naona mutu juu ya gari. Sione chumba. Mama, midi ya leo, saa sita, naonyesha bakubwa nyumba tatu, kwa kioo ya écran, page ya kwanza ya kila moja, sababu habana wakati ya kuingia mbali. Zile zingine mbili banatia vitanda. Mi nilipenda yenu kwa bei na kwa kuwa hamuuzishe pombe. Lakini nitabaonyesha nini?"

"Midi ya leo?"

"Ya leo, mama. Wakiisha chagua, nakuja kuangalia kwa macho."

Meza ya mapokezi ilibaki katikati ya mlango. Muzee Zacharie ilibidi aruke juu yake kumpelekea mkewe kitambaa cha kichwa, maana alikuwa amekwisha fika langoni akipungia moto.

Njiani Angélique alimpiga mabega dereva wa watu. "Kimbia, papa!" "Mama, kuko mashimo!" "Pita juu yake!" Kichwani mwake maneno ya Falone yalikuwa yanazunguka kama nzi kwenye glasi. Badiliko la kulipia, siku mbili za kazi. Siku mbili! Midi yenyewe iko karibu, inamkonyeza. Hata angempa Falone dola hamsini, wale wengine wa mulongo walilipa nao, na Falone si mtu wa kurusha watu mulongo. Kilichobaki ni kitu kimoja tu kinachotoka hapo hapo, na kitu hicho alikuwa amekwisha mgawia Didier mbele ya mtaa.

Alipofika nyuma ya duka la fotokopi, akakuta pickup nyekundu imeziba njia.

Didier alikuwa ndani, amesimama, sauti imejaa chumba. "Mi niko wa famille! Matabishi ni yangu, shemeji alisema! Tia namba, nitoke, niko na safari!"

"Papa Didier," Falone alikuwa anasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine yake, "ata ungekuwa babu yake. Anakomanda mutu moja, ule wa sinyatire. Mi sikupinge. Mi nangojea yeye."

"Huyu hapa!" Didier akageuka akitabasamu. "Shemeji, njoo umuambie."

Angélique alisimama mlangoni, vumbi limempaka unga. Kwa mara ya kwanza hakuna kiungo chake kilichocheza. Aliona midi, aliona macho ya mwenye nyumba juu ya kuta, aliona vyumba vyake vikikaa na vitanda vyake tu, bila watu.

"Falone," akasema. "Matabishi yangu bado iko?"

"Iko yote, mama."

"Naitwaa sasa. Page ya kwanza. Toa Didier, rudisha chumba."

Mashine ya fotokopi upande wa pili ilikuwa kama imemeza karatasi.

"Unasema nini?" Didier akaondoa tabasamu taratibu. "Mbele ya batu ulisema ni yangu."

"Nilisema. Nilisema uongo, ao tuseme nilisema mbio. Nilikupa kitu yenye ilikuwa ya nyumba. Unisamehe, shemeji."

"Nisamehe? Haya. Leo, leo hii, nitabeba groupe yangu. Tuone hao wageni batalala na mwanga gani."

Falone alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe na hakibonyezi. Miwani imemwelekea yeye. Angélique akafikiri walimu bila taa. Kisha akafikiri taa bila walimu, groupe inanguruma, inawaka vizuri kabisa, na vyumba vitupu vimeangazwa mpaka kwenye pembe.

"Beba," akasema.

"Nibebe?"

"Beba, Didier. Falone, fanya."

"Picha ya chumba sikuitupa," akasema Falone, vidole vinakwenda. "Mi situpake kitu ya client mbele ya mwaka kuisha. Ngoja tu réseau."

Wakangoja réseau, mtandao urudi. Kungoja kule! Kitu kidogo cha duara kinazunguka kwenye kioo, kinazunguka, kinasimama, kinafikiri, kinazunguka tena. Angélique alipanga upya kalamu za Falone mezani, zote, kwa urefu. Didier naye hakuondoka. Mtu anayetishia kwenda kubeba groupe hapaswi kubaki kutazama duara, lakini alibaki, amekunja mikono vile vile kama juu ya boneti.

"Imepita," akasema Falone. "Sasa umuite madame. Umuambie afunge ile page, afungue tena. Mashine yake inaweza kuwa imeshikilia photo ya zamani. Tia haut-parleur, nisikie mwenyewe kama anaona."

Angélique akaita, akaweka haut-parleur. Sauti ya Madame Madeleine ikatoka kubwa, safi, na haina habari na mtu.

"Nimefunga, mama. Nafungua… Aa! Sasa naona. Kitanda, dirisha, pazia. Muzuri kabisa! Asubuhi nilizani nimepotea. Niliita kolega yangu, namuuliza: hii si gereji? Naye ananiambia: hapana, angalia, ule papa ni kama iko anauzisha ile gari. Sasa tunauliza bei ya gari ao ya chumba?" Akacheka, na nyuma yake mwenzake akacheka pia. "Aksanti, mama. Tutaonana."

Simu ikanyamaza. Angélique alitazama sakafu. Falone alivua miwani akaanza kuifuta kwa bidii, ingawa ilikuwa safi. Didier naye akavua ya kwake. Bila miwani alikuwa na macho madogo, ya kitoto, sawa kabisa na ya Zacharie.

"Gereji," akasema.

Akaigeuza miwani mkononi.

"Ile pickup haionekane ya mutu mukubwa?"

"Inaonekana ya kuuzisha, papa," akasema Falone kwa upole. "Sababu uliketi kwa boneti. Mwenye gari anakaaka ndani."

Didier akaketi kwenye kiti cha wateja. Kisha akaanza kupapasa mfukoni.

"Basi munitie kwa page ingine. Hata ya chakula. Bila gari."

"Inawezekana. Dola kumi na tano, siku mbili za kazi."

"Kumi na tano kwa uso moja? Shusha."

"Bei haishuke," akasema Angélique kabla Falone hajafungua mdomo.

"Na matabishi yangu?"

"Imeisha," wakasema wote wawili.

Didier akatoa dola ishirini, akaiweka mezani. Falone aliiinua kwenye mwanga, akaonyesha mahali pamechanika kidogo pembeni, akairudisha. Dola iliyochanika hata kidogo hapa mjini haiendi popote. Didier akatoa nyingine, anasaga meno. Falone hakuichukua bado.

"Mama njo anakomanda," akasema.

Didier alimgeukia shemeji yake. Mtu mwenye pickup, mwenye groupe, mwenye kujulikana mpaka Nizi, akangoja neno.

"Nitafikiri," akasema Angélique.

"Shemeji!"

"Groupe inaenda wapi leo?"

Didier akajikuna shingo. "Groupe iko muzito. Ikae tu. Walimu batasoma na nini?"

"Basi Falone, mutie kwa page ya chakula. Mbele ya sahani ya sombe. Na miwani atoe."

Falone akachukua noti, akamrudishia chenji yake, akaandika.

Midi ilipita. Simu haikulia. Angélique alirudisha meza ya mapokezi mahali pake, akaitoa, akairudisha. Alipiga pasi mashuka yaliyokuwa yamepigwa pasi. Muzee Zacharie alimfuata chumba hadi chumba akiwa amebeba kiti chake mwenyewe, ili angalau hicho kisihamishwe. Simu ilipolia mwishowe, ilikuwa maneno mafupi: bakubwa wamechagua nyumba mbili za kutazama kwa macho, na Auberge Tulia ni mojawapo, na Madame Madeleine yuko njiani.

Njiani! Angélique aliingia chumba cha mbele. Akatazama pazia jeupe. Akaona limekaa kinyonge. Kwenye sanduku lake alikuwa na mapazia mekundu ya maua makubwa, aliyotoka nayo Beni amejifunga kiunoni. Kabla hujakohoa, alikuwa juu ya kiti, jeupe liko chini, jekundu linapanda.

"Angélique," akasema Zacharie mlangoni.

"Nini tena?"

"Kwa site ni nyeupe."

"Falone atabadilisha photo."

"Dola kumi na tano," akasema Zacharie. "Siku mbili za kazi."

Honi ikalia langoni.

Jekundu likashuka kwa haraka kuliko lilivyopanda. Madame Madeleine alipoingia, pazia jeupe lilikuwa limening'inia, upindo wa chini juu na wa juu chini, na Mama Angélique amesimama kando yake akitabasamu na vifungo viwili vya pazia mdomoni. Madame alitazama simu yake. Akatazama dirisha. Akatazama kitanda, akapapasa godoro, akatazama simu tena.

"Ni kile kile," akasema. "Kwa ile ingine nimetoka, photo ilikuwa ya nyumba ingine. Mama, walimu batafika siku ya kwanza ya juma."

Angélique alitema vifungo mkononi. Alitaka kuruka, alitaka kumkumbatia mtu, na wa karibu alikuwa kabati.

"Lakini," akasema Madame Madeleine, akizunguka chumba, "ningependa mutie meza ya kuandikia hapa. Na kwa vyumba vyote. Na kiti. Na taa ndogo. Kwa bei ile ile, si ndiyo?"

Mguu wa Mama Angélique ulikuwa umeanza. Akaukanyaga kwa ule mwingine. Akavuta kiti, akakipapasa ili Madame aketi, naye akaketi mbele yake, akatafuta kalamu kichwani, ndani ya kitambaa.

"Meza ya hiki chumba ni matabishi, madame, na inaingia sasa hivi," akasema. "Zile zingine, tuandike."